Karatasi ya mtendaji haimzuii mume anayepiga

Swali: Shikamoo mwanasheria. Mume wangu alinipiga, tukaitwa kwa mtendaji wa kijiji, akasaini kwamba hatanigusa wala hatafika kwa mama nilikohamia. Wiki iliyofuata akaja usiku akavunja mlango na kunipiga tena. Polisi wanasema karatasi ile haina nguvu. Kijana mmoja hapa mjini anasema atanitolea amri ya zuio yenye muhuri wa mahakama kwa laki moja na nusu. Nimpe? – Msomaji, Masasi

Jibu: Marahaba dada. Usimpe hata shilingi. Amri hutoka kwa hakimu, katika shauri lenye namba ambalo mume wako anaitwa kujibu. Anachouza huyo kishoka ni karatasi ya kughushi, na siku utakapoipeleka kituoni utakayehojiwa ni wewe.

Polisi walisema kweli kuhusu karatasi ya mtendaji, lakini jambo hilo lisikurudishe nyumbani. Kukupiga na kuvunja mlango usiku ni makosa ya jinai yenyewe, hayasubiri amri yoyote. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto, chukua PF3, ukatibiwe, kisha uirudishe ikiwa imejazwa na daktari. Kama umeumia vibaya, tangulia hospitali. Peleka na ile karatasi pia: haimfungi mume wako, ila inaweza kusaidia kuonyesha kipigo cha kwanza.

Tanzania Bara hatuna sheria moja ya ukatili wa nyumbani yenye amri yake maalumu ya ulinzi, kwa hiyo ulinzi unaupata kupitia kesi. Kwako, ya haraka ni hiyo ya jinai. Akifikishwa mahakamani ataomba dhamana. Kabla ya siku hiyo mweleze mwendesha mashtaka amwombe hakimu aweke sharti kwamba mshtakiwa asikukaribie wala asifike kwa mama yako. Akilivunja, unamrudia mwendesha mashtaka, na mahakama inaweza kumfutia dhamana akasubiri kesi mahabusu.

Njia ya pili ni kumwapia hakimu kwamba unahofia atavunja amani. Hakimu humwita ajieleze, na akiona hofu ina msingi humwamuru asaini dhamana ya kutunza amani, pamoja na wadhamini au bila wadhamini, kwa muda usiozidi mwaka mmoja.

Ya tatu imo katika Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 139: mahakama inaweza kumwamuru mtu aache kumbughudhi mwenzi wake. Sharti kuwe na shauri la ndoa linaloendelea, au amri ya kutengana au talaka iwe imeshatolewa. Hapa ndipo wengi huanguka. Shauri likiwa bado linasikilizwa, zuio limesimama juu yake; ukilifuta, na zuio limekwisha. Kila msimu wa korosho ni yale yale: mume anauza, anakuja na kitenge na wazee wawili, mke anafuta kesi, na fedha zikiisha kipigo kinarudi wakati mahakamani hakuna tena kitu cha kumzuia.

Ukishapata amri, omba nakala zilizothibitishwa, moja ubaki nayo na moja uipeleke kituoni. Hakikisha mume wako amepewa yake na mpeleka samansi amerudisha uthibitisho. Akiwa amekwenda shambani Newala, iambie mahakama alipo, maana asipoipata atadai hakujua. Na maneno yawe bayana: nyumba ipi, sehemu gani, simu na ujumbe vimo au havimo.

Akikaidi, unafanya mambo mawili kwa pamoja. Polisi unaripoti kosa jipya ukiwa na nakala mkononi. Kutotii amri halali ya mahakama ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufika miaka miwili. Mahakamani unarudi kwenye faili lile lile na maombi yenye kiapo kinachotaja tarehe, saa, alichofanya na nani aliona. Ujumbe wa simu usiufute. Hakimu atamwita aeleze kwa nini asiadhibiwe, na akikataa kuja hutolewa hati ya kumkamata. Kiapo kinachosema tu “ananisumbua kila siku” hakifiki mbali.

Wewe pia usimkaribishe ndani huku amri ingali hai. Haifutiki kwa hilo, ila atalitumia kama utetezi. Mkitaka kuonana kwa ajili ya watoto, iombe mahakama ibadilishe masharti.

Wazee wanaomaliza kesi za kipigo kwa faini ya mbuzi wanafanya kazi ya kishoka bila malipo. Baraza la usuluhishi la ndoa ni hatua ya kudai talaka, wala halizimi kesi ya jinai. Asiye na fedha za wakili amwone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Huyo hatozi ada, na atakuonyesha cheti chake ukimwomba.