Singo, dabo, trebo na mkeka: fuata hela yako inakokwenda

Wadogo zangu, kila wikendi naona mkeka uleule wa kubeti mechi. Timu tatu zimechaguliwa kwa akili, halafu ya nne inapachikwa ili kunenepesha odi, na ni hiyohiyo inayochana. Kabla ya kubonyeza tena, tuhesabu pamoja kwa dau la shilingi 1,000.

1. Singo ni chaguo moja, dau moja. Tuseme Simba ashinde ina odi 1.50. Dau mara odi, unapokea 1,500. Humo ndani 1,000 ni yako mwenyewe, kwa hiyo faida ni 500. Odi zetu za desimali zimeshabeba dau, usilijumlishe mara ya pili.

2. Dabo ni chaguo mbili kwenye tiketi moja, na lazima zote zitiki. Ongeza Azam kwa 1.80. Wengi hujumlisha odi, wanapata 3.30, wanasubiri 3,300. Ikiingia 2,700 wanasema wameibiwa. Hawajaibiwa. Ile 1,500 yote iliyotoka kwa Simba, dau pamoja na faida, imehamia kwa Azam: 1,500 mara 1.80 ni 2,700. Trebo inaendelea hivyohivyo. Chaguo la tatu likiwa na odi 2.10, ile 2,700 nzima inawekwa juu yake na inakuwa 5,670. Mechi zikichezwa kwa wakati mmoja au kwa kupishana siku, jibu ni lilelile, maana kuzidisha hakujali nani katangulia.

3. Kuanzia chaguo la nne ndipo tunaita mkeka mrefu, na kosa ninalotaka mlielewe vizuri liko hapa. Una trebo yako ya 5,670. Unaona timu kubwa inacheza nyumbani kwa odi 1.10, unasema "hii ni ya uhakika, naichomeka". Tiketi inaonyesha 6,237 na dau bado limeandikwa 1,000, kwa hiyo unadhani umeongeza hela bila kuongeza gharama. Sasa fuata hela. Zile tatu zikitiki, mechi hiyo inabebeshwa 5,670 zote ili ikuletee 567. Mwulize kijana aliyeichomeka kama angetoa 5,670 mfukoni akaweka singo kwenye odi 1.10. Atakataa mara moja, tena kwa hasira. Lakini ndicho alichofanya, ila hakukiona kwa sababu tiketi haionyeshi hela inayosafiri katikati, inaonyesha mwanzo na mwisho tu. Timu kubwa ikitoka sare ya 1-1, trebo iliyokuwa imekamilika inakwenda na maji. Kila unapotaka kuongeza chaguo, andika pembeni hela iliyofika hapo, kisha jiulize kama ungeiweka yote kwa singo.

Kuna na jambo la pili linalojificha humohumo. Soko, yaani aina ya beti, lenye pande mbili zenye nafasi sawa lingestahili odi 2.00 kila upande, lakini kampuni hutoa kama 1.90. Pengo hilo ndilo pato lake. Kwenye singo unapoteza wastani wa shilingi 5 kwa kila 100. Ukiunganisha chaguo nne za namna hiyo, odi ya haki ingekuwa 16.00, wewe unapewa 13.03, na makato yamefika kama 18 na nusu kwa 100. Zikiwa kumi, yanafika 40. Bonasi ya mkeka mrefu hutolewa kutoka kwenye nafasi hiyo.

4. Linganisha na kugawa dau. Chukua odi 1.50, 1.80, 2.10 na 1.40. Kwenye mkeka mmoja wa 1,000, zote zikitiki unapata 7,938. Ukiweka singo nne za 250, zote zikitiki unapata 1,700 tu. Lakini ya 1.40 ikichana peke yake, mkeka unakupa sifuri, na singo zinakurudishia 1,350. Zikitiki mbili za kwanza tu, unabaki na 825. Hasara ipo, ila ni 175.

5. Mechi ikifutwa, mkeka hauchaniki. Chaguo hilo linahesabiwa kwa odi 1.00, hela inapita bila kuongezeka. Ile trebo yetu, Azam ikifutwa, inageuka dabo: 1,000 inakuwa 1,500, inabaki 1,500, kisha 3,150. Mechi ikiahirishwa, kila kampuni ina muda wake wa kusubiri kabla ya kuifuta, usome kwenye kanuni zake. Na kwenye mechi za mtoano, 1X2, yaani kubeti ushindi wa nyumbani, sare au ushindi wa ugenini, ni dakika 90 pamoja na za majeruhi. Timu yako ikishinda kwa penalti, kwenye tiketi hiyo ni sare.