Njaa haimfundishi mtoto huyu kula

Swali: Mwanangu ana miaka 4, ana usonji. Anakula wali mweupe, chapati, chipsi na maziwa, basi. Mchuzi ukigusa wali anatapika. Mama mkwe anasema nimnyime wali siku mbili, atakula tu. Jirani ananishauri sirapu ya hamu ya kula. Nifanyeje?

Jibu: Mama, hilo la kumnyima wali nalisikia kliniki karibu kila wiki, na linanichosha. Mtoto anayedeka akibanwa na njaa hula. Huyu wako, mchuzi ukimgusa ulimi, anasikia kama wewe ukikuta nywele kwenye tonge. Atashinda na njaa, atalala nayo, na wengine huishia kutundikiwa dripu. Sirapu nazo, nyingi zina siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na kuamsha hamu. Hamu anayo! Kinachokataa ni mdomo.

Na tafadhali usimfichie mchicha kwenye wali. Akiona doa moja la kijani, wali wenyewe ataususa, ubaki na vitatu.

Anzia kwenye chipsi. Kata kiazi kitamu cheupe kwa umbo lile lile, ukaange hadi kikauke. Weka kipande kimoja kwenye kisahani cha pembeni, kisiguse chipsi zake, halafu zungumza mambo mengine. Siku ya kwanza huenda akakisukuma. Baadaye atakishika, atakinusa, atakilamba na kukirudisha. Hapo msimpigie makofi wala kumwambia "meza". Huenda ukakiweka mara 15 kabla hajakitafuna. Akikizoea, leta kiazi kitamu cha njano: umbo na ukavu ni vile vile, rangi tu imebadilika. Ukibadilisha viwili kwa pamoja, mnarudi mwanzo.

Maziwa yasizidi nusu lita kwa siku, maana yanamjaza tumbo na hayana madini ya chuma ya kutosha. Vitamini mwombe daktari, umpe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Usizichanganye na maziwa. Ni mtego ule ule wa mchicha.

Kwa nini nakazania vitamini? Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka 6 aliyeacha kutembea. Miguu ilikuwa imekandwa mafuta, imechanjwa chale, amechomwa sindano za baridi yabisi. Hakuna aliyeuliza anakula nini. Nilipomfungua mdomo, fizi zilikuwa zambarau, zimevimba, zinavuja damu. Ulikuwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C: mtoto huyo alikuwa akiishi kwa biskuti na maziwa. Alipopewa vidonge, ndani ya wiki mbili alianza kukanyaga. Kwa hiyo wazazi wote wenye mtoto wa vyakula vitatu vinne: akilia mkimgusa miguu, akikataa kusimama, au fizi zikitoka damu, msipoteze siku kwa wakandaji. Mpelekeni hospitali, na kabla daktari hajauliza, mtajieni kila anachokula.