Forty haina u, four inayo: tahajia ya nambari za Kiingereza

*Shikamoo Mwalimu. Naandaa vocha za malipo na mikataba kwa Kiingereza kwenye ofisi moja hapa Dar, Ilala. Bosi amenirudishia karatasi akiwa amekata u kwenye "fourty". Mimi najua 4 ni four na 14 ni fourteen, sasa 40 u imeenda wapi? Mwenzangu anasema forty ni ya Wamarekani, kama color na colour, na sisi tunafuata Waingereza. Halafu mtu mwingine akaniambia hata "nineth" ni kosa. Naomba unieleweshe, na kama kuna mitego mingine ya namna hii niijue.*

Marahaba. Bosi wako yuko sahihi, na mwenzako amechanganya mambo mawili. Tofauti ya colour na color ni ya Uingereza na Marekani kweli, lakini haihusiani kabisa na 40. London wanaandika forty, New York wanaandika forty. Tahajia ya fourty haikubaliki upande wowote leo, kwa hiyo usiitetee kwa hoja kwamba Tanzania tunafuata Kiingereza cha Uingereza.

Zamani u ilikuwapo. Katika Kiingereza cha Kale 4 iliandikwa *feower*, 14 *feowertiene* na 40 *feowertig*. Zote tatu zilianza sawasawa, na karne nyingi baadaye bado walikuwapo waandishi wa Kiingereza walioandika fourty. Kilichobadilika kwanza ni matamshi. Katika lugha hiyo irabu ndefu ilielekea kufupishwa inapofuatwa na konsonanti mbili. Ndivyo wise yenye i ndefu ilivyozaa wisdom yenye i fupi, na five ikazaa fifty. Ndani ya 40, r na t ziligusana, irabu ikafupika, na tahajia ya forty ikashika sauti hiyo mpya. Four yenyewe ilibaki na irabu yake ndefu, na fourteen na fourth zikabaki pamoja nayo.

Masikio yetu ya Dar hayasikii tofauti hiyo, wala ya mtu wa London wa leo, maana kwao four na forty zimeshakuwa na irabu moja. Ila bado kuna wasemaji wa Skotilandi na Ayalandi wanaoitofautisha: four na fourteen kwao zina irabu ya hoarse, na forty ina irabu ya horse. Kwa hiyo u haikuanguka kwa bahati mbaya. Tahajia ilirekodi tofauti ya kweli, kisha Waingereza wengi wakaacha kuitamka, maandishi yakabaki nayo. Hiyo ndiyo sababu huwezi kuikisia kwa kusikiliza. Inabidi ikae kichwani.

Neno fortnight litakusaidia kuikalisha. Maana yake ni wiki mbili, na limetokana na usiku 14, yaani fourteen nights zilizobanwa kuwa neno moja. Huko nako irabu ilifupika na u ikaondoka. Kwa hiyo u ipo kwenye four, fourth, fourteen na fourteenth, na haipo kwenye forty, fortieth na fortnight. Hayo ndiyo ya msingi kwenye familia hii.

Ukishalijua hilo, jihadhari na kosa la upande wa pili. Mtu akishakemewa kwa fourty, huanza kuondoa u kila mahali na kuandika forteen au forth. Forteen angalau kompyuta itaipigia mstari mwekundu. Forth ni hatari zaidi kwa sababu ni neno halali lenye maana ya "mbele", kama katika "and so forth". Ukiandika "the forth instalment" ukikusudia awamu ya nne, kikagua tahajia cha kawaida kinaweza kuiacha ipite, kwa kuwa neno lipo kwenye kamusi. Kabla ya kuchapa mkataba, bonyeza Ctrl+F utafute forth, usome kila mahali ilipotokea.

Sasa ninth. Hapa sababu ni nyingine kabisa, na ni vizuri usiichanganye na ya forty. Kwenye nine, e ya mwisho haitamkwi, lakini ina kazi: inamwambia msomaji kwamba i isomwe ndefu, "nain", wala si "nin". E yenye kazi namna hiyo kwa kawaida hubaki pale kiambishi kinachoanza na konsonanti kinapoongezwa. Ndiyo maana tuna nineteen na ninety, zote na e yake katikati, kama vile safe inavyotoa safety. Kwa kanuni hiyo hiyo ungetegemea nineth. Lakini ninth imeiacha e, ingawa i yake bado inasomwa ndefu. Imevunja kanuni waziwazi, na anayeandika nineth kwa kweli anafuata kanuni ambayo neno lenyewe halikuifuata. Simlaumu hata kidogo, ila atasahihishwa.

Kosa la upande wa pili linakuja hapa pia: mtu akishajifunza kwamba ninth haina e, anaandika ninty na ninteen. Shika kwamba katika familia nzima ya tisa, e ya nine inatoka sehemu moja tu, kwenye ninth. Ninetieth, yaani ya 90, inaihifadhi, kisha y ya ninety inageuka kuwa ie kabla ya th. Ukitaka kujipima, andika 99 na 44 kwa mpangilio wa nafasi bila kuangalia popote: ninety-ninth, forty-fourth. Kila moja ina sehemu mbili zinazovutana, e ipo kisha haipo, u haipo kisha ipo. Akiziandika zote mbili bila kusita, mtu huyo ameshavuka mtego. Na usisahau kistari: nambari za maneno mawili kuanzia 21 hadi 99 huunganishwa nacho.

Fifth na twelfth watu huziweka kundi moja na ninth kwa kuwa nazo zimepoteza e. Hapana, hizo zina utaratibu. Kiingereza hakipendi neno liishie na v, kwa hiyo e ya five na ya twelve inasaidia kuificha hiyo v mwishoni. Asili yake ilikuwa f: *fif* na *twelf*. F hiyo ya mwisho ikawa v pale ilipofuatwa na irabu, na ikabaki f ilipogusana na konsonanti kama t au th. Ndiyo maana kuna f kwenye fifth, fifteen, fifty na twelfth. Kosa la kawaida kwenye twelfth ni kuruka f na kuandika twelth, kwa sababu mdomo unashindwa kutamka l, f na th kwa mfululizo. Mkono usifuate mdomo.

Eighth ina ujanja mwepesi. Eight inaishia na t, na th inaanza na t, na Kiingereza kimeandika t moja badala ya mbili, ingawa mtamkaji bado anaitamka t kisha th. Hali ni hiyo hiyo kwenye eighteen na eighty. Kwa hiyo usifikirie "eight jumlisha th". Andika eight yote mpaka t, kisha ongeza h tu, upate eighth. Ongeza een, upate eighteen. Ongeza y, upate eighty. Ukifanya hivyo huwezi kuandika eigth, kosa ambalo jicho hulipita kwa urahisi kwa sababu herufi zote zinaonekana zipo.

Tuje kwenye vocha yako, maana huko ndiko makosa haya yanakoponyoka. Chukua malipo ya TZS 44,914,990. Kwa maneno ni: Forty-four million nine hundred and fourteen thousand nine hundred and ninety shillings only. Soma polepole uone: forty bila u, four na u, fourteen na u, ninety na e. Kosa la fourty peke yake halibadilishi kiasi, kila mtu ataelewa. Lakini fourty iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa na mwisho uliokunjamana, inafanana na fourteen kuliko forty inavyofanana nayo, na kati ya milioni 14 na milioni 40 kuna milioni 26.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Maofisini tunapenda kuandika kiasi kwa herufi kubwa zote: FOURTY FOUR MILLION. Microsoft Word kwa kawaida huwekwa iruke maneno ya herufi kubwa inapokagua tahajia. Kwa hiyo fourty ya herufi ndogo itapigwa mstari mwekundu, na FOURTY itakaa kimya mpaka bosi aikate kwa kalamu. Kurekebisha, fungua File, kisha Options, kisha Proofing, na uondoe alama kwenye Ignore words in UPPERCASE. Rudi kwenye hati, bonyeza F7, na makosa yaliyokuwa yamejificha yatajitokeza.

Kwa hati za zamani tumia Ctrl+H: tafuta fourty, weka forty, na fanya vivyo hivyo nineth kuwa ninth. Andika neno zima kwenye kisanduku cha kutafuta. Ukitafuta fourt peke yake na kubadilisha vyote kwa mkupuo, utaharibu kila fourteen na kila fourth iliyomo kwenye hati.

Kama vocha zenu zinatoka Excel na maneno yanajitokeza yenyewe kutoka kwenye tarakimu, kuna uwezekano mkubwa ni makro, mara nyingi inaitwa SpellNumber. Makro za aina hiyo hunakiliwa kutoka ofisi moja hadi nyingine, na aliyeandika fourty mara moja ndani yake ameiandika kwenye kila vocha itakayotoka. Bonyeza Alt+F11, tafuta mstari wa makumi ya nne, uhakikishe unasomeka hivi:

```
Case 4: Result = "Forty "
```

Angalia na mstari wa makumi ya tisa hapo chini yake, usiwe "Ninty ". Ukishahifadhi, rudi kwenye karatasi na ubonyeze Ctrl+Alt+F9 ili Excel ihesabu upya seli zote. Usipofanya hivyo, vocha zilizokwisha kujazwa zitaendelea kuonyesha neno la zamani hata kama makro yenyewe imeshasahihishwa.