Wiki sita kabla ya shule kufunguliwa: fundi kwanza, daftari mwisho

Mwaka wa kwanza wa kumpeleka binti yangu bweni nilianza na daftari. Duka liko jirani, mzigo si mkubwa, nikajiona mzazi aliyejipanga. Kaunta buku zikakaa juu ya kabati mwezi mzima huku sweta haijapata hata fundi. Siku ya kuripoti ilipofika, sweta ilikuwa kwa fundi bila mikono, na mtoto akapanda basi Mafinga kwenda Mbeya amevaa sweta ya kuazima yenye rangi ya shule nyingine. Jina lake likaandikwa siku ileile ya kwanza.

Tangu hapo sipangi orodha yangu kwa bei. Naangalia kitu gani kinachukua siku nyingi kupatikana, nakianza hicho. Daftari ni za dakika kumi, sweta ni ya wiki tatu.

Kabla ya yote, soma fomu ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho. Shule binafsi hutoa mapema. Kwa za serikali, uchaguzi wa kidato cha kwanza hutangazwa kwa kawaida Desemba, kwa hiyo muda ni mfupi zaidi na huna budi kwenda haraka. Fomu ya binti yangu ilisema "sweta ya bluu iliyoiva, shingo ya V, mistari miwili myeupe". Mimi nilisoma "bluu" tu.

Sasa huwa naenda kwa fundi wa kufuma mwishoni mwa Novemba, na ile fomu mkononi. Mwaka uliofuata aliniambia, "Kamwene mama, umewahi. Wenzako watakuja Krismasi ikishapita, nao watataka wote kwa siku moja." Alikuwa sahihi. Foleni yake hujaa kuanzia katikati ya Desemba, na nyuzi za rangi zinazotumiwa na shule nyingi huanza kuadimika. Mwambie akuoneshe uzi wenyewe mchana, nje ya kibanda. Chini ya taa bluu iliyoiva na nyeusi hufanana.

Na fumisha sweta mbili, si moja. Huku kwetu nyanda za juu Januari ni masika kamili, asubuhi ni ukungu, na sweta nzito ikifuliwa Jumamosi haikauki hata Jumapili jioni. Mtoto mwenye sweta moja ataivaa mbichi. Kama pesa haitoshi, heri upunguze shati la tatu. Shati la tetroni hukauka usiku mmoja hata likianikwa ndani ya bweni.

Sketi ya marinda nayo ina siri yake. Kitambaa kiloweke usiku mmoja, kikauke, ndipo ukipeleke kwa cherehani, maana vingine hunywea. Kisha mwombe fundi aache upindo wa vidole vinne ndani. Binti wa miaka kumi na mitatu hurefuka hadi mwezi wa sita kana kwamba analipwa, na upindo ule ndio unaokuokoa usinunue sketi nyingine.

Ada ndiyo inayonyima watu usingizi, na kwetu wakulima inagongana na shamba. Desemba ndipo mahindi yanapodai mbolea ya kukuzia. Hata kwa bei ya ruzuku, mifuko mitatu minne haipatikani kwa maneno. Nilichojifunza ni kutenga ada wakati wa mavuno, si wakati wa kulipa. Julai nachagua gunia kadhaa, naziweka dawa, nazishona kwa kamba nyekundu. Hizo ni gunia za shule, na nyumbani kila mtu anajua hazifunguliwi hata ugali ukipungua. Zinauzwa mwishoni mwa Desemba, ambapo mahindi kwa kawaida huwa yamepanda bei kuliko mwezi wa saba. Viazi vya vinyungu, bondeni, ndivyo vinavyolipa sare na nauli.

Kama awamu ya kwanza haitatimia, zungumza na shule kabla haijafungwa Desemba, na uombe maandishi yanayotaja kiasi utakacholeta na tarehe. Ahadi ya mdomo mlangoni Januari, mbele ya wazazi sitini, haina mtu wa kuikumbuka.

Nalo lenyewe la kulipa lina mtego. Mwaka mmoja nilimtuma mdogo wangu akalipe kwa wakala wa benki. Akalipa vizuri kabisa, lakini kwenye maelezo akaandika jina lake mwenyewe. Mhasibu wa shule aliiona pesa imeingia asijue ni ya mtoto gani, na binti yangu akakaa barazani na tranka lake tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, sisi tukipigiana simu. Kwa hiyo andika majina matatu ya mwanafunzi na kidato chake, kama yalivyo kwenye fomu, au tumia namba ya malipo ya mtoto kama shule inayo. Kisha itoe risiti fotokopi siku hiyohiyo. Karatasi ya mashine ya wakala hufifia. Yangu ya Januari ilikuwa nyeupe ilipofika Aprili, wakati huo ndipo walipoihitaji.

Fomu ya afya ipelekwe hospitali kabla ya Krismasi, basi, hakuna zaidi la kusema.

Vitabu nakushauri usivikimbilie. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika 2024 na umekuwa ukiingia darasa baada ya darasa, kwa hiyo kitabu alichoacha kaka yake huenda hakifai tena hata kama jina la somo ni lilelile. Muulize mwalimu wa taaluma kwanza. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka bure kwenye maktaba yao ya mtandaoni, na likizo inatosha kumwonesha mtoto sura ya kwanza kwa simu kabla hujatoa hela. Kaunta buku nunua wiki ya mwisho, chache, zilizobaki aongeze akishajua mwalimu gani anataka kwaya ngapi.

Usafiri. Sisi wa Mafinga tuko katikati ya njia, na hilo ndilo tatizo. Mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hufika kwetu yamejaa, na lori likikwama Kitonga hayafiki kabisa mpaka jioni. Wiki ya kufungua shule nakata tiketi ya gari linaloanzia Iringa, siku kumi kabla, tiketi ya kielektroniki yenye jina la mtoto na namba ya kiti. Tunasafiri Jumamosi, si Jumapili, na la alfajiri. Tukipata pancha Makambako bado tunafika saa kumi haijagonga, na bajaji ya kutoka stendi mpaka shuleni haijapandisha bei.

Mzigo mwingine ni tranka, godoro la futi mbili na nusu, ndoo na buti za mvua. Andika jina kwa rangi ya mafuta kwenye ubavu wa tranka, si juu ya mfuniko, kwa sababu kwenye buti la basi matranka hupangwa yakaegemezana na mfuniko hauonekani. Kufuli lina funguo mbili. Moja mvalishe mtoto shingoni kwa kamba, ya pili mkabidhi matroni mkononi. Mimi ya pili niliirudisha Mafinga ndani ya pochi yangu, nikaigundua nikitafuta nauli ya bodaboda.