Usimnyime maji ya jioni mtoto mwenye selimundu

Mwanangu ana selimundu, miaka 6, kilo 18, na bado anakojoa kitandani. Kila mgeni anayelala kwetu hunishauri lilelile: asinywe kitu baada ya magharibi. Huwa nakataa. Selimundu huharibu mishipa midogo ya figo, pale mwili unapobakiza maji, kwa hiyo mkojo hutoka mwingi hata mtoto akiwa na kiu. Ukimnyima maji, ataendelea kukojoa huku mwili unakauka, na mwili ukikauka chembe nyekundu za damu hujikunja zaidi, zinakwama na maumivu yanaanza. Bora utandike nailoni chini ya shuka na umwamshe usiku.

Kwa sababu hiyohiyo, mkojo mweupe usikudanganye kwamba maji yanamtosha. Mimi naangalia midomo, ulimi, na kama akilia machozi yanatoka.

Kipimo cha kuanzia nilifundishwa kliniki: kilo 10 za kwanza, mililita 100 kwa kila kilo, kilo zinazofuata hadi 20, mililita 50. Wangu anapata lita 1 na mililita 400, karibu chupa 3 za nusu lita, uji na maziwa vikiwemo. Siku ya joto, ya homa au ya kucheza sana, namzidishia. Na ongea na mwalimu amruhusu kwenda chooni wakati wowote, maana mtoto anayekatazwa kutoka darasani huacha kunywa mwenyewe.

Kuhusu chakula, chembe nyekundu za kawaida huishi siku kama 120. Zake huishi 10 hadi 20. Uboho unatengeneza damu mpya bila kupumzika, moyo nao unakwenda mbio, ndiyo maana anakula kama wenzake lakini hanenepi. Kumjazia sahani hakusaidii, tumbo lake dogo. Uji wake wa ulezi naupika kwa maziwa, natia kijiko kikubwa cha siagi ya karanga na kijiko cha chai cha mafuta. Akitoka kuugua, namwongezea mlo mmoja hadi uzito urudi.

Kazi hiyo ya kutengeneza damu hula foliki nyingi. Mchicha na kunde anakula, ila mboga ukiichemsha na kumwaga maji, sehemu kubwa ya foliki imekwenda na maji, kwa hiyo tembe ya kliniki haikosi. Ya kwake ni miligramu 5 kwa siku. Dukani soma boksi, kwani wengine hukupa fefo, ambayo ina madini ya chuma. Chuma cha damu inayovunjika hubaki mwilini, na kila akiongezewa damu kinaingia kingine. Asipewe cha ziada bila vipimo kuonyesha anakihitaji.

Rozela na bitiruti za "kuongeza damu" hazizuii chembe kuvunjika. Juisi ya rozela anakunywa kwa kuwa anaipenda, nami naihesabu kwenye maji yake.