Minyoo imetoka, tumbo halijashuka

*Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka mitatu. Tumbo lilimjaa, akawa hataki kula, nikaona mnyoo mrefu kwenye haja. Nikampa kidonge cha minyoo, ikatoka mingine miwili. Leo wiki ya pili, tumbo liko vilevile na chakula hataki. Duka la dawa wanasema nirudie. Nirudie? Mama, Chamwino.*

Marahaba mama. Usirudie kwanza. Kama ilikuwa albendazo ya miligramu 400, hicho ndicho kipimo chake, mara moja, na minyoo kutoka ni dalili kuwa imefanya kazi. Mtoto aliyesumbuliwa na minyoo tu, kwa wiki mbili hizi huwa ameanza kudai chakula mwenyewe, na tumbo lake ukiligusa ni laini. (Tumbo la umri huo huchomoza kidogo hata kwa mtoto mzima.) Wako bado anakataa chakula, kwa hiyo kuna kingine.

Kinachonichosha ni hii imani kwamba tumbo kubwa ni minyoo, basi. Bibi mmoja wa Bahi aliniletea mjukuu wa miaka miwili na nusu. Alikuwa amekunywa dawa ya minyoo mara tatu, na juu yake mwarobaini na mbegu za papai za mganga mmoja. Uzito kwenye kadi ulikuwa umepanda, bibi akafurahi: "Ananenepa." Nikambonyeza miguu yote miwili kwa kidole gumba, nikahesabu hadi tatu, nikaachia. Mashimo yakabaki. Utepe wa mkono ulisoma sentimita 11.2, kwenye nyekundu. Yale hayakuwa manyama, yalikuwa maji: kwashakoo. Chakula chake kilikuwa ugali wa uwele na mlenda, karanga kwa nadra. Tulipoanza maziwa ya matibabu, kidogo kidogo, uzito ulishuka kwanza maji yalipotoka, ndipo ukapanda wa kweli. Mwezi mzima ulipotea kwenye vidonge na machungu ya majani.

Kwa hiyo mbonyeze miguu leo hii. Tazama na viganja: vikiwa vyeupe, huenda damu imepungua, na minyoo ya safura, inayonyonya damu, huwezi kuiona kwa macho kwenye haja. Mpeleke kituo cha afya wampime mkono, damu na choo. Shimo likibaki mguuni, usingoje kesho.

Na wanaouza "dawa za kusafisha tumbo" mnadani, sikieni. Minyoo mirefu ikijikusanya huziba utumbo. Mtoto hutapika kijani, tumbo hukakamaa, hajambi wala hapati choo. Huyo hapewi dawa ya kuharisha, hata kidonge cha minyoo hapewi. Anapelekwa hospitali, na njiani hanyweshwi chochote.