Hisa zikishuka, hisa zikipanda: maswali ya wasomaji

"Hisa zangu zimeshuka kwa robo ndani ya wiki chache na usingizi umenipaa. Niuze kabla sijapoteza zote?" (Msomaji, Nakuru)

Pole sana. Leo usiuze, lakini pia usijiapize kwamba hutauza kamwe. Kwanza angalia kilichoshuka: ni bei peke yake, au ni biashara yenyewe?

Safaricom iliuziwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 kila hisa. Mwaka uliofuata bei ilifika chini ya shilingi 3. Aliyekuwa na hisa 2,000, yaani shilingi 10,000 zake, akiuza kwa shilingi 3 aliondoka na 6,000, na hapo dalali hajachukua ada yake. Lakini kampuni ilikuwa bado inapata faida, ingawa ilikuwa imepungua, na watumiaji wa M-Pesa walikuwa wakiongezeka. Agosti 2021 bei ilikuwa juu ya shilingi 40. Hisa zile zile 2,000 zilikuwa na thamani ya zaidi ya 80,000, mbali na gawio la miaka yote hiyo.

Sasa itazame Mumias, kampuni ya sukari. Nayo ilikuwa hisa iliyopendwa, na bei yake nayo ikashuka. Tofauti ni kwamba mwaka 2013 kampuni ilitangaza hasara kubwa, hasara zikafuatana, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa kwa ajili ya wadai. Aliyevumilia huko hakulipwa kwa uvumilivu wake. Kwa hiyo anayekwambia "shikilia tu" amekupa nusu ya ushauri.

Kanuni ninayoiamini ni hii. Siku unaponunua, andika sentensi mbili: kwa nini nanunua, na jambo gani likitokea katika kampuni nitauza. Jambo hilo liwe la biashara: hasara miaka miwili mfululizo, deni linalokua kuliko mapato, gawio kukatwa bila maelezo ya kueleweka. Bei ikianguka, toa karatasi hiyo pamoja na taarifa ya fedha ya karibuni, kisha ngoja siku tatu kabla ya kumpigia dalali. Kama jambo uliloandika limetokea, uza hata kwa hasara. Kama halijatokea, una hofu tu, na hofu hiyo ni ya kawaida: wanasaikolojia Kahneman na Tversky walionyesha tangu 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi sana furaha ya kupata kiasi kile kile.

Kuna jambo moja linalovunja kanuni hii: pesa za karo au za mkopo. Mwaka 2008 wako waliokopa benki ili wanunue Safaricom. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kungoja, kwa sababu marejesho hayangoji.

"Nimenunua na kuuza mara nne mwaka huu na zote nimepata faida. Nichukue mkopo wa SACCO niongeze mtaji?" (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ndugu yangu. Soko likipanda, karibu kila mtu hupata faida, na ni rahisi kudhani ni ujuzi wako. Jipime hivi: ungenunua hisa hizo hizo Januari ukatulia bila kuzigusa, leo ungekuwa na kiasi gani? Toa ada zote kwenye faida yako ya sasa, kisha linganisha. Usisahau kwamba ada hukatwa unaponunua na tena unapouza.

Watafiti Barber na Odean walichunguza maelfu ya kaya za Marekani zilizowekeza kupitia dalali mmoja kati ya 1991 na 1996. Waliofanya biashara mara nyingi zaidi walipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lilitoa 17.9. Hawakuwa wajinga. Walijiamini mno, na gharama za kununua na kuuza zikala pato lao.

Weka mpaka kabla ya ushindi wa tano: kampuni moja isizidi sehemu ya kumi ya akiba yako yote, na senti ya mkopo isiguse hisa.

"Nilinunua Safaricom kwa zaidi ya shilingi 40 mwaka 2021. Nasubiri bei yangu irudi ndipo niuze." (Msomaji, Kisumu)

Soko halijui ulinunua kwa bei gani. Mwaka 2023 hisa hiyo ilishuka chini ya shilingi 15, na ikitoka 40 hadi 15 inahitaji kupanda kwa zaidi ya asilimia 160 ili ufike ulipoanzia. Jiulize: ningekuwa na pesa taslimu leo, ningeinunua kwa bei ya leo? Ukijibu ndiyo, baki nayo kwa sababu hiyo. Ukijibu hapana, 40 yako isikuzuie.

"Niangalie bei kwenye simu mara ngapi?" (Msomaji, Arusha)

Kwa mtu anayeweka akiba ya miaka kumi, mara moja kila taarifa ya fedha inapotoka inatosha. Zima arifa za programu ya dalali leo hii.